Zamu ya Maji: Mitaro au Matone kwa Nusu Ekari ya Nyanya

Katika tambarare zilizo chini ya milima ya Upare, wilayani Same, mkulima wa mbogamboga hupanga wiki yake kwa kufuata siku ya zamu. Maji hushuka kutoka mlimani kwa mfereji wa udongo, hugawiwa kwa saa, na kila mwenye shamba ana siku yake. Siku hiyo ikifika, watu hutoka na majembe alfajiri. Mmoja anaziba kwa jirani, mwingine anafungua kwake, na kijana ametumwa juu kuangalia kama kuna aliyetoboa mfereji njiani. Saa zikiisha maji yanahamia kwa mwingine, na huyaoni tena hadi wiki ijayo.

Zamu hiyo ndiyo inayosahaulika watu wanapolinganisha umwagiliaji wa mitaro na ule wa matone. Anayeuza vifaa vya matone huja na hesabu ya maji yatakayookolewa, na mara nyingi hesabu yake ni ya kweli. Asichokitaja ni kwamba mpira wa matone unataka maji kidogo kila siku au kila baada ya siku moja, ilhali mfereji unaleta maji mengi mara moja kwa wiki. Gharama kubwa imejificha hapo katikati.

Tuanze na maji yenyewe. Chukua shamba la nusu ekari, yaani takriban mita za mraba 2,000, lenye nyanya zilizoanza kubeba matunda wakati wa kiangazi. Kwa jua na upepo wa huko tambarare, nyanya za umri huo hutumia kama milimita 6 za maji kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo shamba zima linahitaji lita 12,000 kila siku. Kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu umenunua mpira. Nyanya inakunywa kilekile, iwe maji yamekuja kwa mtaro au kwa tone. Kinachotofautiana ni maji yaliyotoka kwenye chanzo lakini hayakuifikia mizizi.

Kwenye mitaro, maji hayo hupotea kwa njia ambayo mtu anaweza kuiona akisimama shambani. Maji huingia kwenye kichwa cha mtaro na kuanza kutembea kuelekea mwisho. Huku yakitembea, yanazama. Yanapofika mwisho, kichwani yamekuwa yakizama kwa muda mrefu na yamepita mizizi, yanaendelea chini yasikoweza kurudi. Mkulima akifunga mapema ili asipoteze ya kichwani, mkiani panabaki pakavu. Akiacha mpaka mkiani paloe, kichwani panageuka tope na ya ziada yanatiririka nje ya shamba. Ndiyo maana kwenye mashamba mengi ya mitaro nyanya za kichwani na za mkiani hazifanani kimo, na mwenye shamba mara nyingi hulaumu mbegu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika miongozo yake ya umwagiliaji hukadiria kwamba kati ya lita 100 zinazomwagwa shambani kwa njia ya mitaro, kama 60 huifaidi mimea. Kwa matone hukadiria 90. Tukizitumia namba hizo, nusu ekari yetu itahitaji lita 20,000 kwa siku kwa mitaro na lita 13,300 kwa matone. Kwa wiki ni lita 140,000 dhidi ya lita 93,000. Tofauti ni theluthi moja, na si ndogo.

Ila hiyo 90 ina masharti. Maji ya matone hayaonekani. Udongo wa juu hulowa duara dogo tu chini ya kila tundu, na chini ya duara hilo kuna sehemu pana zaidi iliyoloa ambayo jicho haliioni. Mkulima aliyezoea mitaro hutazama duara lile, akaona ni dogo, akaacha koki wazi mpaka maduara yaungane na tuta zima ling'ae. Kufikia hapo maji yamekwishapita mizizi kama yale ya kichwa cha mtaro, tena bila hata tope la kumshtua. Nimewaona watu wenye matone wanaotumia maji mengi kuliko majirani zao wenye mitaro. Kinachookoa maji ni saa ya kufunga koki, na mpira humwezesha mkulima kufunga kwa wakati, basi.

Sasa turudi kwenye zamu. Lita 140,000 za mitaro si tatizo kubwa kwa mwenye zamu: mfereji unaopitisha lita 8 kwa sekunde huzitoa kwa kama saa 5. Udongo wa tifutifu ndio unakuwa ghala lake. Unayashika maji hayo na kuyatoa kidogo kidogo mpaka zamu nyingine, ingawa siku za mwisho nyanya huanza kusononeka. Kwenye mchanga ghala hilo ni dogo mno. Siku ya tatu au ya nne mmea umeshaishiwa, halafu siku ya saba unafurikishwa tena. Nyanya haipendi mchezo huo. Ukame unaofuatwa na gharika hupasua matunda, na huleta lile doa jeusi linalooza kwenye kitako cha nyanya. Wengi huliita ugonjwa na kulipulizia dawa, wakati chanzo chake ni kalsiamu kushindwa kulifikia tunda kwa sababu maji hayaji kwa mpangilio. Hapo matone yana faida kubwa kuliko hata kuokoa maji: yanampa mmea unyevu uleule leo na kesho, na matunda yanayotupwa yanapungua.

Lakini ili umwagilie kila siku kwa maji yanayokuja mara moja kwa wiki, lazima uyahifadhi mahali. Lita 93,000 ni matenki 19 ya lita 5,000. Hakuna mkulima wa nusu ekari atakayenunua matenki 19, kwa hiyo lililobaki ni bwawa. Ukichimba shimo la mita 10 kwa 10 upande wa juu, lenye kingo zilizolala na kina cha mita moja na nusu, litachukua takriban lita 110,000. Jua litakula kama lita 600 kwa siku. Pasipotandikwa karatasi nzito ya plastiki, udongo wenye mchanga utakula nyingi zaidi ya hizo. Bwawa pia limechukua mita 100 za shamba, na litahitaji uzio ili watoto na mbuzi wasitumbukie. Likikaa chini ya shamba utahitaji pampu ya kuyarudisha maji juu.

Wapare walilijua tatizo hili la maji kutolingana na muda wa kuyatumia zamani sana. Suluhisho lao ni ndiva, bwawa la kijiji linalojengwa kwenye njia ya mfereji. Maji ya kijito ambayo usiku hayana wa kuyatumia hukusanywa humo, asubuhi hufunguliwa yakatoka kwa nguvu ya kuweza kufika mashamba ya mbali. Mkulima anayetaka matone chini ya mfereji anajijengea ndiva yake binafsi, na anapaswa kuihesabu kama sehemu ya mfumo tangu siku ya kwanza. Wengi hununua mpira kwanza, kisha ndipo wanapogundua kwamba maji ya kuujaza hayapo siku sita kati ya saba.

Mwenye kisima au anayevuta maji mtoni kwa pampu yuko katika hali tofauti. Yeye ana maji kila siku, ila kila lita anailipia mafuta. Tumpe pampu ya petroli ya inchi mbili inayomletea lita 12,000 kwa saa na kula kama lita 1.2 za petroli kwa saa hiyo. Kwa mitaro atawasha pampu karibu saa 12 kwa wiki, na kwa matone karibu saa 8. Anaokoa lita 5 za petroli. Tuseme lita ni shilingi 3,000 na msimu una wiki 12, zote za kiu kubwa namna hiyo, jambo ambalo kwa kweli linazidisha faida kwa sababu miche michanga haili maji yote hayo. Atakuwa ameokoa shilingi 180,000.

Upande wa pili weka vifaa. Mistari ikiwa mita moja kutoka mmoja hadi mwingine, nusu ekari inahitaji mita 2,000 za mpira, bomba kuu la kuugawia maji, koki za kila sehemu, viungio, chujio, na tenki au namna nyingine ya kuleta msukumo. Tuseme duka limekupa hesabu ya shilingi 1,500,000 kwa vyote. Kwa petroli peke yake ungehitaji misimu zaidi ya 8 kurudisha fedha hiyo, na mpira mwembamba wa bei nafuu kwa kawaida haufiki huko: wengi huutupa baada ya misimu miwili au mitatu. Anayekuambia kwamba matone yanajilipa kwa kuokoa mafuta hajapiga hesabu, au anauza mpira.

Yanajilipa kwa mambo mengine. Katikati ya mistari pakiwa pakavu magugu hayaoti, na palizi moja au mbili za kuajiri vibarua zinaondoka. Mbolea inayoyeyuka hupita humohumo kwenye mpira ikafika kwenye mzizi. Majani hayarushiwi tope, na njia ya kupita kuvuna haina matope. La maana kuliko yote, kama maji ndiyo yanayokuwekea mpaka wa shamba na ardhi unayo, zile lita 140,000 zilizokuwa zikimwagilia nusu ekari kwa mitaro zinatosha robo tatu ya ekari kwa matone. Mavuno ya hiyo robo ya ziada wakati wa kiangazi, nyanya zinapokuwa adimu sokoni, ndiyo yanayolipa mpira.

Hapa pana neno ambalo wataalamu wa mabonde ya maji hulirudia na wauzaji hawalitaji. Mkulima akishapanua shamba, maji aliyookoa hayakubaki mtoni. Yameliwa na robo ekari mpya. Na yale yaliyokuwa yakimtoka mkiani mwa mtaro hayakuwa yamepotea yote, kwa maana mengine yalikuwa yakimfikia jirani wa chini au kurudi kwenye kisima chake. Jirani huyo akija kulalamika kwamba tangu uweke mipira mfereji wake umekauka, anaweza kuwa na haki. Kamati ya mfereji inayogawa maji kwa saa ina sababu ya kulizungumza jambo hilo kabla wanachama wake hawajaanza kuhamia kwenye matone mmoja mmoja.

Tuje kwenye matunzo. Mitaro inataka jembe na mgongo. Baada ya kila palizi inachongwa upya, tope linatolewa kwenye mfereji, kingo zilizobomoka zinazibwa, na siku ya zamu lazima mtu awepo saa zote kuyahamisha maji, hata zamu ikiangukia usiku wa manane. Kazi ni nzito, ila hakuna kinachoharibika ambacho udongo na jembe haviwezi kukirekebisha siku hiyohiyo.

Matone yanataka kazi nyepesi isiyosahaulika hata siku moja. Tundu la tone ni jembamba kupita kiasi, na kila kilichomo ndani ya maji kinaweza kuliziba: mchanga, tope la mfereji, mwani uliokua ndani ya tenki linalopitisha mwanga, kutu ya maji yenye chuma, chokaa ya maji magumu ya kisima. Kwa hiyo chujio ndilo moyo wa mfumo. Maji ya mfereji yatulie kwanza bwawani au tenkini, mdomo wa bomba la kuvutia usiguse chini, na chujio lioshwe kila siku ya kumwagilia ikiwa maji ni machafu. Nimeona chujio lililotobolewa kwa msumari ili maji yapite haraka. Mwenyewe alikuwa amechoka kuliosha. Yakapita haraka kweli, pamoja na tope lote.

Mara moja kwa wiki miisho ya mipira hufunguliwa. Mkulima mmoja wa pilipili hoho alinionyesha anavyofanya: anawasha maji, anafungua miisho mitatu au minne kwa pamoja, na anainama kuyatazama yanavyotoka. Kwanza yanatoka ya kahawia yenye ute, kisha ya kijivu, kisha meupe. Hapo ndipo anapokunja mwisho na kuufunga kwa kipande cha mpira uleule alichokikata kama pete. "Siku nikiona ya kahawia hayaishi haraka, najua chujio limepasuka," aliniambia. Anafungua michache kwa wakati mmoja kwa sababu akifungua yote nguvu ya maji inagawanyika, na uchafu unabaki umelala palepale.

Kuziba hakuanzi kwa tundu kufa kabisa. Huanza kwa kupungua, na mmea huonyesha baada ya siku kadhaa, wakati umeshachelewa. Ili kujua mapema, chukua makopo 16 yanayofanana, yatege chini ya matundu 16: mengine karibu na bomba kuu, mengine katikati, mengine mwishoni. Fungua maji kwa dakika 6, kisha pima kila kopo na uzidishe kwa 10 kupata kiasi cha saa moja. Tafuta wastani wa makopo yote, halafu wastani wa yale manne yaliyopata kidogo kuliko yote. Yale manne yakiwa yanapata chini ya robo tatu ya wastani wa wote, kuna tatizo. Makopo ya mwishoni yakiwa ndiyo maskini, msukumo hautoshi au mpira ni mrefu mno. Yakiwa yametawanyika ovyo, ni kuziba.

Msukumo nao una udanganyifu wake. Tundu lililoandikwa kuwa linatoa lita moja kwa saa hupimwa mara nyingi kwa nguvu sawa na ya maji yaliyo kwenye kimo cha mita 10. Shamba letu lina matundu kama 6,700, likiwa na tundu kila sentimita 30, kwa hiyo kwa nguvu hiyo lita 13,300 zingetoka kwa saa 2. Tenki lililowekwa kwenye jukwaa la mita moja na nusu huyafanya matundu hayo yatoe chini ya nusu ya kiasi hicho, na kazi ya saa 2 inakuwa ya saa 5. Si vibaya, ilimradi mwenye shamba ajue na asifunge koki baada ya saa 2 akidhani nyanya zimeshiba.

Kuna pia panya wanaotoboa mpira wakitafuta maji, jembe la kibarua lisilouona chini ya majani, na chumvi. Maji ya visima vingi vya maeneo makavu yana chumvi, na matone huisukuma mpaka ukingoni mwa ile sehemu iliyoloa, ikabaki pale kama pete. Mvua ya kwanza nyepesi ikinyesha huirudisha chumvi hiyo kwenye mizizi, na nyanya hunyauka watu wakishangaa zimepata nini na mvua imekuja. Dawa yake inaonekana ya kichaa: mvua hiyo ikianza, fungua matone, ili maji ya mpira yaendelee kuisukuma chumvi nje mpaka mvua iwe kubwa ya kutosha kuizamisha.

Kwa maoni yangu, mwenye pampu na ardhi ya ziada, au mwenye udongo wa mchanga, aende kwenye matone, aanze na robo ekari ili chujio limfundishe. Mwenye zamu ya wiki, udongo wa tifutifu na asiye na fedha za bwawa asione aibu kubaki na mitaro, lakini airekebishe. Mtaro wa mita 40 ukatwe uwe wa mita 15 au 20, kila sehemu ikipata mlango wake kutoka kwenye mfereji wa pembeni. Maji yaingie kwa kasi mwanzoni: kama yanahitaji saa moja kulowesha hadi mizizini, yawe yamefika mkiani ndani ya dakika 15, ndipo yapunguzwe. Udongo ukiwa wa tifutifu au mfinyanzi, wiki hii amwagilie mtaro mmoja aruke mmoja, wiki ijayo aingie kwenye ile aliyoiruka. Kwenye mchanga asijaribu, kwa kuwa maji huko huzama wima bila kusambaa pembeni.

Na siku moja baada ya kumwagilia achukue nondo nyembamba, aisukume ardhini kwa mkono kichwani, katikati na mkiani mwa mtaro. Inapopita kwenye udongo uliolowa huingia kirahisi, ikifika pakavu inagoma. Kwa nyanya zilizokwisha kukua, ikigoma kabla ya sentimita 40 mahali popote, maji hayakutosha hapo. Ikizama mita nzima kichwani na kugoma sentimita 20 mkiani, mtaro bado ni mrefu mno, aukate tena.